Barua pepe ya jina la biashara yako: hatua kwa hatua kwa wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba

Pita dukani Bukoba uangalie kadi za biashara, mihuri na mabango. Utaona namba ya simu, halafu chini yake anwani ya Gmail au Yahoo yenye jina la biashara na namba kadhaa mwishoni. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Swali ni moja: anwani hiyo ni ya nani?

Tuchukue mfano wa kutunga. Kuna kikundi cha wakaangaji kahawa Kamachumu, wilayani Muleba, chenye ofisi ndogo ya mauzo Bukoba mjini. Miaka minne iliyopita kijana wa ofisi alifungua Gmail ya kikundi kwa simu yake. Namba ya kurejesha neno la siri ni laini yake mwenyewe. Sasa amepata kazi Mwanza. Hana ubaya na mtu, ila laini ile ameshaiacha, na simu ya ofisi imeharibika. Oda zote, mazungumzo na wanunuzi na ankara za miaka minne zimefungiwa ndani. Kikundi hakina hati ya kuonyesha kwamba sanduku lile ni lake, kwa sababu kwa Google mwenye akaunti ni yule aliyeifungua.

Anwani iliyo kwenye domeni yako, mfano mauzo@mfano.co.tz, inaondoa tatizo hilo. Mfanyakazi akiondoka, msimamizi anabadilisha neno la siri na kazi inaendelea. Hata kampuni inayotunza barua zako ikikuudhi, unahamia nyingine na anwani inabaki ile ile.

Hatua ya 1: Sajili domeni, na iandikwe jina la biashara

Majina yanayoishia na .tz yana daftari lake, lakini huendi huko moja kwa moja. Unanunua kwa wakala wa usajili aliyeidhinishwa, na unalipia kwa mwaka. Biashara huchukua .co.tz, asasi na vikundi visivyo vya faida .or.tz, mtu binafsi anaweza kuchukua .me.tz. Ukitaka .com nayo inafaa, hatua zinazofuata ni zile zile.

Mambo mawili hapa watu wengi huyakosea. La kwanza, fundi aliyekutengenezea tovuti mara nyingi husajili domeni kwa jina lake. Mwambie mapema: mmiliki aandikwe biashara, na akaunti ya kwa wakala ifunguliwe kwa jina lenu. Vinginevyo umetoka mikononi mwa kijana wa ofisi ukaingia mikononi mwa fundi.

La pili, barua pepe ya mawasiliano utakayompa wakala isiwe ya domeni hiyo hiyo. Malipo ya mwaka yakipita, domeni inazimwa na barua zake zinazimika nayo. Taarifa ya kukukumbusha kulipa itatumwa kwenye sanduku ambalo halifunguki tena. Hapo ile Gmail ya bure ina kazi yake: iache iwe ya kupokelea taarifa za wakala, lakini iwe na laini ya ofisi.

Hatua ya 2: Chagua barua zitakaa wapi

Domeni ni jina tu. Barua zenyewe zinahitaji seva. Njia ya kwanza ni seva ile ile ya tovuti yako. Mara nyingi hupewi bili nyingine, ila nafasi ni ndogo, na unatumia anwani ya seva pamoja na tovuti za watu wengine. Mmoja wao akituma barua taka, na wewe unaweza kushukiwa.

Njia ya pili ni huduma ya barua peke yake, kama Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho Mail. Hizi hulipiwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi au mwaka. Zoho imekuwa pia na mpango wa bure kwa watu wachache, wenye masharti. Angalia kama unapatikana kwako kabla ya kuutegemea.

Hapa kuna njia ya kupunguza bili. Usilipie sanduku kwa kila anwani. Kikundi chetu cha Kamachumu kina watu wawili wanaojibu barua, basi kinalipia masanduku mawili: moja la Bukoba na moja la Muleba. Anwani za info@, mauzo@ na hesabu@ zinawekwa kama majina ya ziada ya masanduku hayo. Mteja anaona ofisi iliyopangika, wewe unalipia watu wawili.

Hatua ya 3: Elekeza domeni

Ingia kwenye akaunti ya wakala, au ya seva ya tovuti yako, tafuta sehemu iliyoandikwa DNS. Kama simu ni ndogo, tumia kompyuta. Herufi moja ikikosewa barua hazifiki. Tengeneza masanduku yote kwanza, halafu ndipo ubadilishe hapa. Ukianza kwa kubadilisha, barua zitakuja kwa watu ambao bado hawapo, na mtumaji atarudishiwa.

Tuseme umechagua Google Workspace. Kwanza itakupa mstari wa kuthibitisha kwamba domeni ni yako. Uweke kama utakavyoelekezwa. Kisha rekodi ya MX, inayosema barua zipelekwe wapi:

```
Aina: MX   Jina: @   Thamani: smtp.google.com   Kipaumbele: 1
```

Futa MX za zamani zote. Ukiziacha, baadhi ya barua zinaweza kwenda seva ya zamani ambako hakuna anayezisoma.

Rekodi ya pili ni SPF. Hii inataja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako:

```
Aina: TXT   Jina: @   Thamani: v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Ya tatu ni DKIM, yaani sahihi inayogongwa kwenye kila barua. Google inakutengenezea mstari mrefu ndani ya paneli ya msimamizi. Unaunakili wote kwenye rekodi ya TXT yenye jina `google._domainkey`. Kisha rudi kwenye paneli ubonyeze kuanza kutumia. Wengi husahau kurudi, wakabaki na rekodi isiyofanya kazi yoyote.

Ya nne ni DMARC. Inaiambia seva ya mpokeaji ifanye nini barua ikija na jina lako bila kufaulu vipimo hivyo:

```
Aina: TXT   Jina: _dmarc   Thamani: v=DMARC1; p=none; rua=mailto:info@mfano.co.tz
```

Anza na `p=none`, maana yake angalia tu na uniletee ripoti. Wiki chache zikipita bila barua zako halali kukataliwa, weka `p=quarantine`, ili barua za kughushi zitupwe kwenye taka.

Usizione hizi kama mapambo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila mtumaji awe angalau na SPF au DKIM, na wanaotuma barua nyingi wawe na zote tatu. Bila hizo, ankara yako inaweza kuishia kwenye taka za mteja wakati wewe unadhani amekupuuza.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kutangaza

Subiri saa moja au mbili. Wakati mwingine mabadiliko huchukua hadi siku mbili kuenea. Kisha tuma barua kutoka anwani mpya kwenda Gmail ya kawaida. Ifungue kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original". Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC. Yote mitatu ikisema PASS, umemaliza. Halafu jibu barua hiyo ili upime na upande wa kupokea.

Mstari mmoja ukigoma, angalia haya kwanza:

SPF imegoma. Mara nyingi kuna rekodi mbili za SPF, ya seva ya zamani na hii mpya. Inatakiwa moja tu. Kama tovuti nayo inatuma barua, ongeza seva yake ndani ya mstari huo huo.

DKIM au DMARC haionekani. Paneli nyingi huongeza domeni zenyewe. Ukiandika `_dmarc.mfano.co.tz` inageuka `_dmarc.mfano.co.tz.mfano.co.tz`. Andika `_dmarc` peke yake.

Barua zote zinafika isipokuwa za fomu ya tovuti. Seva ya tovuti bado inadhani yenyewe ndiyo inatunza barua za domeni, hivyo inaziweka kwake. Kwenye cPanel fungua Email Routing, chagua Remote Mail Exchanger.

Kama una kompyuta, unaweza kuiuliza MX yako moja kwa moja:

```
nslookup -type=mx mfano.co.tz
```

Hatua ya 5: Hama taratibu

Usiifunge Gmail ya zamani. Iweke ipeleke barua kwenye anwani mpya, na iache hivyo walau mwaka mzima, kwa sababu mnunuzi wa msimu atakutafuta msimu ukirudi. Kila anayekuandikia huko, mjibu kutoka anwani mpya. Kisha badilisha anwani benki, TRA, BRELA na kwenye akaunti zote ambazo neno la siri hurejeshwa kwa barua pepe. Kadi na bango ndiyo viwe vya mwisho.

Akaunti ya msimamizi iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na namba za dharura zichapwe kwenye karatasi zikae kabatini na leseni ya biashara. Watu wawili wawe na uwezo wa usimamizi. Ukimpa mmoja tu, umerudi pale pale kwa yule kijana aliyeenda Mwanza.

Usichokinga

DMARC inamzuia tapeli kutumia mfano.co.tz yenyewe. Haimzuii kusajili jina linalofanana, lenye herufi moja ya ziada, akamwandikia mnunuzi wako: "Tumebadilisha akaunti ya benki." Waambie wateja wako leo kwamba akaunti ya benki haibadiliki kwa barua pepe peke yake. Wakiona ujumbe wa namna hiyo, wapige namba waliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua.

Na tarehe ya kulipia domeni iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla. Ikiachwa mpaka ikarudi sokoni, mtu mwingine anaweza kuinunua, akaanza kupokea barua zako, zikiwemo zile za kurejesha maneno yako ya siri.