Wanaume Wanaopigwa na Wenzi Wao: Jinsi Dhihaka Inavyopoteza Ushahidi

Na Mwandishi Wetu

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ni kifupi na hakihitaji mwanasheria kukifafanua. Kinatamka kwamba, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu hicho hakibagui mume na mke, bali kinamlinda mwenzi, awe nani. Kadhalika Kanuni ya Adhabu, inapozungumzia shambulio la kudhuru mwili, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka mitano, haiulizi jinsia ya aliyepiga wala ya aliyepigwa.

Pamoja na hayo, mwanamume anayefika kituo cha polisi na kueleza kwamba amepigwa na mkewe huwa na mzigo ambao walalamikaji wengine wengi hawana. Kabla ya kueleza kilichotokea, hana budi kwanza kuwashawishi wanaomsikiliza kwamba jambo la namna hiyo linaweza kutokea. Makala haya yanaeleza mzigo huo unatokana na nini, na hasa namna unavyoharibu shauri lenyewe hatua kwa hatua.

Ifahamike mapema kwamba wanawake ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao, na hakuna linalosemwa hapa linalopunguza ukweli huo. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014, ambao uliwauliza wanawake na wanaume, asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa walieleza kwamba wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na wenzi wao. Kwa wanaume waliowahi kuoa ilikuwa asilimia 9. Tofauti ni kubwa, lakini asilimia 9 ni karibu mwanamume mmoja katika kila kumi na mmoja. Hapa nchini, sehemu ya utafiti kama huo inayohusu ukatili wa nyumbani huulizwa wanawake peke yao, hivyo takwimu linganifu kwa upande wa wanaume hazipatikani humo. Jambo lisilohesabiwa ni rahisi kudhaniwa halipo.

Dhihaka yenyewe ina msamiati wake. Mwanamume anayemsikiliza mkewe kupita kiasi husemwa kwamba amekaliwa, au amelishwa limbwata. Katika miaka ya 2000 wimbo wa Bongo Fleva uitwao "Mume Bwege", wa msanii Bushoke, ulipendwa mno, na hadi leo wapo wanaolitumia jina la msanii huyo kumtania mume anayenyanyaswa nyumbani. Utani si kosa, na taifa hili lina utani wa kila namna. Tatizo ni kwamba maneno hayo yote yanatoa maelezo kamili yasiyoacha nafasi ya kosa la jinai. Mume aliyevunjwa jino huonekana ama amerogwa, ama ni dhaifu, ama alistahili. Katika maelezo hayo matatu hakuna mtuhumiwa, na pasipo mtuhumiwa hakuna anayefikiria kufungua jalada.

Sababu nyingine ni hesabu ya miili. Msikilizaji humtazama mlalamikaji, akaona mabega mapana, akauliza kwa nini hakumshika mkono mkewe. Swali hilo linasahau namna mashambulio ya aina hii yanavyotokea mara nyingi. Maji ya moto, mafuta ya kukaangia, kisu cha jikoni au mchi wa kinu havihitaji nguvu kubwa, na mtu aliyelala, aliyelewa au aliyegeuza mgongo hana nguvu ya kulinganishwa na yeyote. Linasahau pia kwamba wanaume wengi huchagua kutomshika mkono mke kwa makusudi, kwa kujua kwamba alama za vidole kwenye mkono wa mwanamke zitaonekana asubuhi na kuelezwa kinyume.

Namna kutoaminika kunavyogeuka kuwa hasara mahakamani inaonekana vyema kwa mfano. Tuchukue mfano wa kubuni wa fundi seremala wa Morogoro mwenye umri wa miaka 42. Jumamosi usiku, baada ya ugomvi kuhusu fedha za ada, mkewe anammwagia maji ya moto akiwa ameinama kufunga viatu. Anaungua shingoni na mgongoni. Jirani anayempa hifadhi anacheka kwanza, kisha anamshauri asijiaibishe. Jumatatu ananunua dawa ya kupaka katika duka la dawa. Alhamisi kidonda kinatoa usaha, anakwenda zahanati, na mganga anapouliza anajibu kwamba aliangukiwa na sufuria. Maelezo hayo yanaandikwa katika kumbukumbu zake za matibabu. Wiki tatu baadaye, baada ya kutishiwa kisu mbele ya watoto, ndipo anapofika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na kueleza yote.

Askari anampa Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza kueleza jeraha, umri wake, kilicholisababisha na ukubwa wa madhara. Lakini sasa daktari anaona ngozi inayopona. Anaweza kuandika kwamba mgonjwa aliungua, ila ni vigumu kuandika lini. Nguo alizovaa zimekwisha kufuliwa. Jirani anasema hakumbuki vizuri. Zaidi ya yote, yapo maandishi ya zahanati yenye maneno ya mlalamikaji mwenyewe kwamba ilikuwa ajali, na upande wa utetezi hautahitaji hoja nyingine. Shauri likianguka, mtaa utasema kwamba ilijulikana tangu mwanzo alikuwa akisingizia. Kicheko cha usiku ule ndicho kilichozaa ukosefu wa ushahidi, kisha ukosefu wa ushahidi ukathibitisha kicheko.

Tofauti ingekuwaje kama angefika usiku uleule? Majeraha mabichi hueleza mengi ambayo mdomo hauwezi kuyaongeza wala kuyapunguza. Mtu anayejimwagia sufuria kwa bahati mbaya huungua zaidi mbele, yaani viganja, kifua, mapaja na miguu. Aliyemwagiwa kutoka nyuma huungua shingo na mgongo, na mara nyingi alama huwa pana juu na kuwa nyembamba inaposhuka, kwa kuwa maji hupoa yanapotiririka. Vivyo hivyo, anayejikinga na fimbo au kisu huinua mikono, na majeraha hukaa upande wa nje wa kigasha, ule wa kidole kidogo. Alama za meno na mikwaruzo ya kucha usoni nazo zina umbo linalotambulika. Daktari anayeyaona hayo mapema na kuyaandika kwa vipimo, mahali na rangi, humpa mwendesha mashtaka kitu ambacho mzaha hauwezi kukifuta.

Kwa hiyo aliyejeruhiwa anashauriwa afike kituoni na hospitali siku ileile, na amweleze mganga ukweli hata kama anaona haya, kwani maneno ya kwanza ndiyo yanayoaminiwa zaidi baadaye. Ikiwa hali ni mbaya, matibabu ndiyo yatangulie na fomu ifuate. Apige picha za majeraha kwa simu, moja ikionyesha uso wake pamoja na jeraha. Nguo zenye damu au zilizounguzwa zisifuliwe, bali ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha. Jina la dawati lisimtishe. Neno "jinsia" linajumuisha jinsia zote mbili, na malalamiko ya mwanamume hupokelewa hapo kama ya mlalamikaji mwingine yeyote.

Namna jeraha linavyoandikwa huamua pia njia ya shauri. Likionekana dogo, kosa huweza kuwa shambulio la kawaida, ambalo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza wahusika wapatane. Likithibitika kuwa la kudhuru mwili, uzito wake ni mwingine. Hapa ndipo wazee wa mtaa hukosea kwa nia njema. Hulipokea kila jambo la mume na mke kama suala la usuluhishi, wakamrudisha mtu nyumbani pamoja na aliyemjeruhi. Baraza la usuluhishi la ndoa lina kazi yake kisheria, na kwa kawaida shauri la talaka halifunguliwi mahakamani kabla ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Lakini baraza hilo si mbadala wa polisi, na mtu anaweza kufuata njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Haki inadai pia lisemwe jambo jingine. Si kila mwanamume mwenye jeraha ni mhanga asiye na lawama. Wapo wanawake waliorusha sufuria baada ya kupigwa kwa miaka, na wapo wanaume wanaowahi kituoni ili waonekane walalamikaji wa kwanza. Mpelelezi mwenye uzoefu hulitatua hilo kwa kuwahoji wawili hao kila mmoja peke yake, kuwapeleka wote kwa daktari na kuuliza historia ya nyumba hiyo. Anayecheka hafanyi lolote kati ya hayo, na hivyo humkosea pia mwanamke ambaye huenda naye ana la kueleza.

Hofu inayowafanya wanaume wengi wanyamaze, kwa maoni ya mwandishi, si aibu peke yake bali ni watoto. Baba huamini kwamba akishtaki, ndoa itavunjika na watoto watakwenda na mama moja kwa moja. Sheria ya Ndoa inasema inachukuliwa kuwa ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya umri wa miaka saba kukaa na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria hiyohiyo inautaja ukatili dhidi ya mwenzi au watoto, wa mwili au wa akili, miongoni mwa mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. PF3 iliyojazwa mapema inaweza kutumika katika mashauri yote hayo, la jinai, la talaka na la malezi. Na mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, mahakama huyazingatia anayoyasema.