Marufuku ya Rambo na Uzito wa Mfuko Mbadala

Mtu anayeshuka Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, akanunua nyanya na ndizi, leo hapewi tena ule mfuko mwepesi wa plastiki tuliozoea kuuita rambo. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangazia Bunge kwamba mwisho wa mifuko hiyo ni tarehe 31 Mei. Kuanzia Juni mosi, kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza na hata kuitumia kukawa kosa. Wafanyabiashara walipewa muda usiofika miezi miwili.

Hatukuwa wa kwanza. Zanzibar ilikwisha kuipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya Agosti 2017. Hata hivyo, katika historia ya sheria za namna hii, swali lenye uzito ni hili: sheria inapoziba njia moja, ni nani anayeziona njia zilizobaki wazi, na anazipitaje?

Njia ya kwanza ilikuwa kongwe kuliko rambo yenyewe: kikapu cha ukindu na jani la mgomba, ambalo halijawahi kuadimika katika miteremko ya Meru. Lakini kikapu ni mali ya mtu anayetoka nyumbani akijua atanunua nini. Abiria aliyeshuka kwenye gari kwa dakika tano hana kikapu, na muuzaji hawezi kumpa chake. Mfuko wa kaki nao hulegea ukikutana na nyanya iliyopasuka. Pengo hilo ndilo lililozaa biashara mpya.

Njia ya pili ilitoka ndani ya kanuni zenyewe. Kanuni zilikataza mifuko ya kubebea, lakini ziliacha vifungashio vya plastiki kwa mahitaji maalumu, yakiwamo ya viwanda, kilimo na tiba. Haukupita muda, kifungashio kisicho na mikono, kilichokusudiwa kuhifadhi bidhaa, kikawa kinabeba vitunguu sokoni. Rambo ilikuwa imerudi ikiwa imekatwa mikono. Mwaka 2021 serikali ililazimika kukataza vifungashio visitumike kama vibebeo.

Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda: mfuko mbadala unaofanana na kitambaa. Wengi huudhani kuwa nguo, kumbe haukufumwa. Ni nyuzi za polipropilini, yaani plastiki, zilizogandamanishwa kwa joto. Mtu mwenye cherehani angeweza kununua kitambaa hicho kwa jora, akakata, akashona na kuuza. Ili mfuko utumike mara nyingi, Shirika la Viwango liliweka sharti kwamba kitambaa kisipungue gramu 70 kwa kila mita ya mraba.

Hapo ndipo hesabu inapofichua siri ya biashara hii. Chukua mfuko wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40. Pande zake mbili ni mita za mraba 0.24. Kwa kiwango cha gramu 70, tukiacha mikono na mishono, mfuko huo una uzito wa gramu 16.8, na kilo moja ya kitambaa hutoa mifuko 59. Anayetumia kitambaa cha gramu 40 hupata mfuko wa gramu 9.6, na kilo ileile humpa mifuko 104. Kwa macho ya mnunuzi aliye na haraka, mifuko hiyo miwili ni mmoja. Fundi mwaminifu anashindwa kwa bei kabla hata hajafungua duka, na mfuko hafifu huchanika katika safari ya kwanza, ukaishia mtaroni kama rambo iliyoutangulia.

Udanganyifu huo hauhitaji maabara ili ujulikane. Mizani ya dukani inatosha: pima mifuko kumi ya kipimo hicho pamoja. Ikipungua gramu 168, haikidhi kiwango, kwa kuwa mikono na mishono ingepaswa kuongeza uzito, si kuupunguza.

Jirani yetu alikuwa ameshaliona tatizo hilo. Mamlaka ya mazingira ya Kenya ilitangaza kusitisha mifuko isiyofumwa kuanzia mwisho wa Machi 2019 kwa sababu ya ubora duni. Miezi miwili baadaye sisi tukaufungua mlango uleule.

Basi anayetaka kuwekeza katika marufuku ijayo asianze na orodha ya vilivyokatazwa. Aanze na tafsiri ya maneno ya kanuni: mfuko ni nini, kifungashio ni nini, na ni nani atakayepima. Biashara iliyojengwa juu ya kifungashio ilikufa pale tafsiri iliposahihishwa. Ile ya gramu 70 itadumu iwapo tu kuna mtu mwenye mizani sokoni, na hadi awepo, gharama ya uaminifu inalipwa na fundi peke yake.