UZI: Sumu ya mahindi haianzii mpakani. Historia ya aflatoksini, kutoka Machakos 1981 hadi gorogoro ya Kawangware

1/ Bei ya unga ikipanda, au mahindi ya nje yakiingia, hoja ya aflatoksini hufika jukwaani. Upande mmja unasema mahindi ya jirani ni sumu, funga mpaka. Upande wa pili unasema hiyo ni njama ya mabwanyenye wa unga kupandisha bei. Leo tuweke pande zote mbili kando tuangalie historia, kwa sababu historia inauliza swali tofauti kabisa.

2/ Kwanza, ni nini? Ni sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hukaa kwenye udongo, huingia kwenye mahindi na njugu karanga mmea ukipata kiu shambani, kisha hustawi zaidi mazao yakiwekwa ghalani bila kukauka. Watanzania wana jina zuri, sumukuvu. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Ugali ukiiva, nayo iko pale pale.

3/ Dunia iliijua kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Wachunguzi wakafuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya njugu kutoka Brazili. Kipindi hicho hicho vifaranga vya bata vilikuwa vikifa hapa Kenya pia. Kwa hivyo hii hadithi ilitugusa tangu siku za mwanzo, kabla hata ya uhuru.

4/ 1981, Machakos. Watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba, na 12 wakafariki. Kabla ya watu kuugua, njiwa walikuwa wamekufa kwa wingi, kisha mbwa na kuku. Mahindi ya familia zilizoathirika yalikutwa na hadi sehemu 12,000 kwa bilioni. Ili upate picha, kiwango kinachoruhusiwa Kenya leo ni 10, yaani chini ya miligramu moja katika gunia zima la kilo 90.

5/ Kumbuka, hayo hayakuwa mahindi ya lori kutoka nje. Yalikuwa ya nyumbani, shamba la familia, chakula cha familia.

6/ Halafu 2004. Huu ndio mkasa ambao kila anayezungumzia unga jukwaani angepaswa kuujua. Mwaka huo Makueni, Kitui, Machakos na Thika ziliripoti wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Ni kati ya mikasa mibaya zaidi ya aflatoksini iliyowahi kurekodiwa duniani.

7/ Ilitokeaje? Ukame ulidhoofisha mahindi shambani. Kisha mvua ikaja wakati usio wake, mavuno yakiwa yanatolewa. Chakula kilikuwa haba, na watu waliogopa kuibiwa mahindi yakiachwa nje. Wakayaingiza ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Ndani kuna joto, hewa haipiti, na magunia yamekaa sakafuni. Kuvu haikuhitaji kitu kingine.

8/ Wizara ya Afya na wataalamu wa CDC ya Marekani walifanya kitu cha maana sana. Walichukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakatafuta majirani wawili wazima, jumla 80. Wakapima mahindi ya kila nyumba. Nyumba za wagonjwa zilikuwa na wastani wa takriban sehemu 354 kwa bilioni. Nyumba za wazima, 44.

9/ Sasa tulia hapo kwenye 44. Wakati huo kikomo cha Kenya kilikuwa 20. Maana yake, wale tuliowaita wazima walikuwa wanakula zaidi ya mara mbili ya kikomo cha sheria. Hawakufa, hawakulazwa, hawakuhesabiwa. Walirudi nyumbani kula ugali.

10/ Sokoni nako hali ilikuwa hivyo. Sampuli 350 za mahindi zilichukuliwa katika masoko ya wilaya hizo nne, na 55 kwa kila 100 zilipita kikomo. Yaani sumu haikubaki kwenye ghala la mkulima mmoja. Mkulima anauza, mchuuzi ananunua na kuchanganya, na mteja anajaziwa gorogoro.

11/ Hapa ndipo siasa hukosea hesabu. Mkasa wa vifo vya ghafla hupata kamera, lakini sumu kidogo kidogo, kila siku, miaka nenda miaka rudi, haina kamera. Na hiyo ndiyo inayoua ini taratibu.

12/ Na si kwamba tumejua juzi. Mwaka 1973 watafiti wawili, Peers na Linsell, walichapisha utafiti wao wa Murang'a. Walichukua chakula kile kile kilichokuwa kinaliwa majumbani na kukipima. Kisha wakalinganisha sehemu za juu zenye baridi, za kati, na za chini zenye joto. Chakula chenye sumu nyingi zaidi kilikuwa sehemu za chini, na saratani ya ini nayo ilikuwa nyingi zaidi huko. Huo ulikuwa ushahidi kutoka kwetu wenyewe, miaka minane kabla ya Machakos.

13/ Inafanyaje kazi? Ini hujaribu kuvunja sumu ili itoke mwilini. Katika kuivunja, linaigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye vinasaba vya seli. Seli ikijirekebisha vibaya, kosa linabaki, na baada ya miaka mingi makosa hayo yanaweza kuzaa saratani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuwapa binadamu saratani, mwaka 1987.

14/ Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi kabisa kwenye mijadala, nacho ni hepatitisi B. Kwa mtu mwenye virusi hivyo, kiasi kile kile cha aflatoksini kinakadiriwa kuwa na nguvu ya kuleta saratani ya ini takriban mara 30 zaidi. Kwa hivyo chanjo ya hepatitisi B anayopewa mtoto kliniki ni sera ya aflatoksini pia. Lakini wengi wa waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 hawakuipata utotoni. Hao ndio wazazi wetu.

15/ Sasa watoto. Benin, utafiti uliochapishwa 2004 ulifuatilia watoto kwa miezi 8. Waliokuwa na sumu nyingi zaidi damuni walikua sentimita 1.7 pungufu kuliko waliokuwa na kidogo zaidi. Kwa mtoto anayeacha kunyonya na kuanza uji wa mahindi na njugu, hiyo ni tofauti kubwa.

16/ Lakini tuwe wakweli, maana wengine mtaniletea hii. Meru na Tharaka Nithi kulifanywa jaribio, matokeo yakatoka 2018. Vijiji vingine vilisaidiwa kupata mahindi safi badala ya machafu, vingine havikusaidiwa. Sumu kwenye damu ilishuka, ila mwishoni urefu wa watoto haukuonyesha tofauti. Kwa saratani ya ini ushahidi umefungwa. Kwa kudumaa, uhusiano unaonekana tena na tena, lakini bado wataalamu wanabishana sumu hii inachangia kiasi gani kando ya njaa, kuhara na maji machafu. Mwanasiasa akikuambia aflatoksini pekee ndiyo inadumaza watoto, anaruka hatua.

17/ Turudi Nairobi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulienda Korogocho na Dagoretti, na Kawangware iko upande huu wa Dagoretti. Takriban watoto 4 kati ya 10 walikuwa wamedumaa, na vyakula vingi walivyokuwa wakila vilikuwa na aflatoksini. Maziwa pia. Ng'ombe akilishwa mahindi yaliyooza, sumu hugeuka na kutoka kwenye maziwa. Kwa hivyo ile kauli ya "hayo mabovu tupeni kwa mifugo" inarudisha sumu kwenye kikombe cha mtoto kupitia mlango wa nyuma.

18/ Tuone serikali ilifanya nini. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi, na Januari 2020 ikasimamisha nyingine 17. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo, AFA, ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania. Siku chache baadaye zuio likalegezwa, waagizaji wakatakiwa kujisajili na kuwa na cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya 10.

19/ Sipingi kupima. Mahindi ya nje yanaweza kuwa na sumu, sawa na ya ndani. Lakini jiulize hatua hizo zinamfikia nani. Zinaifikia pakiti yenye jina na lori lenye karatasi. Sasa nenda soko la Kawangware. Mama ananunua gorogoro mbili za mahindi, anapeleka posho mili, anarudi na unga. Hakuna pakiti, hakuna chapa, hakuna cheti. Ukisimamisha chapa 17, bei ikipanda, watu zaidi wanahamia kwenye gorogoro. Yaani tunaweza kumwondoa maskini kwenye unga unaopimwa tukamsukuma kwenye usiopimwa.

20/ Hata hicho kipimo kina shida yake. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na zinazozizunguka zikawa safi. Ukichota konzi moja juu ya lori unaweza kuzikosa punje hizo, ukaandika "salama". Sampuli nzuri huchotwa sehemu nyingi za mzigo, juu, kati na chini, kisha inasagwa pamoja kabla ya kupimwa.

21/ Kwa hivyo kazi kubwa iko kabla ya lori. Mahindi yakauke hadi unyevu usizidi 13.5 kwa 100. Hata bila mashine kuna njia ya kukagua: weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikisa, acha dakika kadhaa. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado ni mabichi. Ikibaki chini, unyevu umeshuka chini ya takriban 15, karibu na unapotakiwa. Kumbuka hiyo inapima unyevu, haipimi sumu.

22/ Shambani kuna Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya 2015. Ni mtama uliopakwa kuvu ya jamii ile ile, ila isiyotengeneza sumu. Inamwagwa shambani wiki chache kabla ya mahindi kutoa maua, inawahi nafasi, na ile mbaya inakosa pa kukaa. Lakini haikaushi mahindi. Ukiweka mabichi ndani ya nyumba, umerudi 2004.

23/ Na sisi wa mtaani? Chagua punje kabla ya kusaga. Zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, zitoe, na usimpe kuku. Njugu iliyosinyaa au yenye kuvu, tupa. Haimalizi sumu lakini inapunguza, kwa sababu punje mbovu ndizo zinazobeba nyingi.

24/ Mwisho. Akija mtu hapa 46 na spika akasema atafunga mpaka kwa sababu ya aflatoksini, msimzomee. Muulizeni mambo matatu. Mashine za kukausha mahindi zitakuwa ngapi na wapi? Nani atapima mahindi ya gorogoro kabla hayajafika posho mili? Na yatakayokutwa mabovu yatapelekwa wapi, na mkulima atalipwa nini ili asiyauze usiku? Kama jibu ni mpaka tu, basi mkasa wa Machakos na Makueni hajausoma.