Rejeleo si nukuu, wala si marejeo

Anayeandika andiko la kuomba fedha za utafiti kwa Kiswahili hukutana na maneno matatu yanayotumiwa kana kwamba ni mamoja: nukuu, marejeo na rejeleo. Nukuu ni maneno ya mtu mwingine yaliyochukuliwa kama yalivyo na kufungwa kwa alama zake. Katika andiko fupi la sayansi huwa haipo kabisa, maana hakuna mtathmini anayehitaji kusoma sentensi ya mwenzake neno kwa neno. Marejeo yanatokana na kurejea, ndiyo maana yanabeba pia maana ya safari ya kurudi, na wengi wameyazoea kama jina la ile orodha ya mwisho. Rejeleo latokana na kurejelea, na hiyo -le- ya kati ndiyo yenye kazi: mtu harejei tu, anarejea kwenye kitu fulani kwa ajili ya jambo fulani. Kwa hiyo ninaliteua rejeleo kuwa jina la ile alama ndogo ndani ya sentensi inayosema dai hili limesimama juu ya chanzo kile. Orodha ya mwisho na iitwe orodha ya marejeleo. Huku si kuchagua maneno kwa kupenda sauti yake. Mwenye jina moja kwa vitu vyote viwili, akiambiwa apunguze, hukata popote. Aliyevitofautisha hujiuliza kila alama inabeba dai gani.

Tofauti hiyo inaonekana kwanza katika masharti ya wafadhili. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani huruhusu kurasa 15 za maelezo ya mradi, na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo kurasa 12 za mkakati wa utafiti katika ruzuku yao kubwa iliyozoeleka. Kote kuwili orodha ya marejeleo haihesabiwi humo. Hapo rejeleo linakula nafasi ndani ya sentensi tu. Wapo wafadhili wengine wanaohesabu kila kitu mpaka mstari wa mwisho, na hesabu inageuka: ingizo moja la orodha huchukua mistari miwili au mitatu, hivyo vyanzo 40 vinaweza kula kurasa mbili nzima. Jambo la kusoma kwanza kwenye tangazo, kabla ya kugusa sentensi yoyote, ni kama orodha imo ndani ya kikomo au iko nje. Ikiwa nje, mtu asidhani amepata ghala la kuhifadhia hoja zilizokosa nafasi. Mfuko huo wa sayansi unasema wazi kwamba sehemu ya marejeleo ni ya vyanzo tu, isitumike kutoa maelezo ya ziada, na hutaka kila ingizo liwe na majina ya waandishi na kichwa kamili cha makala.

Tuchukue andiko la kupima maji ya Mto Katuma. Mto huu unapita maeneo ya Mpanda, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kulisha maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yake yanaelekea Ziwa Rukwa. Rasimu ya kwanza huwa na sentensi ya namna hii: maji ya Katuma yamepungua wakati wa kiangazi kutokana na umwagiliaji wa mpunga, na viboko wanasongamana kwenye madimbwi machache, kisha mabano yenye vyanzo vitano. Sentensi ina madai matatu, na mabano yale hayasemi chanzo kipi kinabeba dai lipi. Kwamba viboko husongamana kiangazi ni jambo linaloonekana na kila anayefika hifadhini. Halihitaji rejeleo mpaka itajwe idadi. Kwamba mto unapungua linahitaji moja. Lakini sababu ndiyo roho ya andiko, kwa kuwa fedha zinaombwa ili kutenganisha athari ya mifereji na athari ya mvua au ya ukataji wa misitu. Hapo ndipo marejeleo mawili yana haki ya kukaa: moja la mapitio ya Elisa, Gara na Wolanski ya mwaka 2010 kuhusu uhaba wa maji katika hifadhi za Tanzania, yaliyoipa Katuma uzito wa pekee, na jingine la chanzo kinachopima mvua. Makala ya Caro ya mwaka 2008 juu ya kupungua kwa wanyama wakubwa wa Katavi na Rukwa ni chanzo kizuri, lakini hesabu ya wanyama haithibitishi sababu ya kupungua kwa maji. Rejeleo lake likiwekwa mwishoni mwa sentensi ile, linasingiziwa dai lisilo lake, na mtathmini anayeijua Katavi atalibaini mara moja. Kila rejeleo basi likae mara tu baada ya dai lake, hata kama ni katikati ya sentensi.

Baada ya kupogoa hivyo ndipo liulizwe suala la umbo. Rejeleo la majina, (Elisa, Gara na Wolanski, 2010), lina herufi, nafasi na alama 31. La namba, [4], lina 3. Marejeleo 40 yenye urefu huo yangeokoa alama 1,120, sawa na mistari kama 12 ya ukurasa wa kawaida. Si haba, lakini si kubwa kama wengi wanavyodhani. Linalonishughulisha zaidi ni upendeleo uliojificha katika mfumo wa majina. Chanzo cha Caro kinaingia kwa neno moja na mwaka, ilhali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ni herufi na nafasi 35 kabla mwaka haujatajwa. Nafasi ikibana, mwandishi hutupa kile kirefu, na kirefu ndicho mara nyingi taarifa ya ofisi iliyo karibu zaidi na mto. Namba humpa kila mmoja karibu upana uleule.

Kuna wanaopinga, na hawasemi ovyo. Wanasema mtathmini akiona [4] hajui ni nani mpaka afunue mwisho, lakini akiona jina na mwaka anatambua papo hapo. Ni kweli, ndiyo maana ninaona vyanzo viwili au vitatu vinavyobeba andiko zima vitajwe kwa jina ndani ya sentensi, namba ikifuata, na vingine vibaki namba tupu. Pingamizi la pili ni kwamba marejeleo machache humfanya mwombaji aonekane hajasoma. Hofu hii ina msingi pale anapoachwa mtu aliyefikia matokeo tofauti. Huyo asikatwe hata kurasa zikiwa mbili. Wa kukatwa ni yule wa tano anayerudia alichosema wa kwanza. La tatu ni zito zaidi: kurejelea mapitio badala ya vipimo vya awali kunawanyima waliopima haki yao, na kosa la mapitio hurithiwa kimyakimya. Ninalikubali kwa sehemu. Mapitio yanatosha kwa picha ya jumla, lakini kila tarakimu iende kwa aliyeipima, na mwandishi awe ameusoma ukurasa wenyewe. Kwa andiko la Katuma hilo linamaanisha rejeleo la mapitio kwa hali ya mto, na la kituo cha vipimo kwa kila kiwango cha maji kinachotajwa. Mistari iliyookolewa iende kwenye sehemu ambayo rasimu za namna hii huikimbilia kwa aya moja: vipimio vitawekwa wapi, juu na chini ya kila banio, na vitasomwa mara ngapi kuanzia Mei mto unapoanza kushuka.