Kiinua mgongo cha Dubai: siku 21 zilizodumu tangu 1980

Mwaka 1980 Falme za Kiarabu zilipitisha Sheria ya Kazi Namba 8, iliyoweka kanuni ya kiinua mgongo ambayo hadi leo Waswahili walioajiriwa Dubai na Abu Dhabi huipigia hesabu wakikaribia kurudi nyumbani. Kila mwaka katika mitano ya mwanzo una malipo ya siku 21, na kila mwaka baada ya hapo una siku 30. Kinachopimwa ni mshahara wa msingi wa mwisho, na jumla haivuki mshahara wa miaka miwili. Asiyetimiza mwaka hapati kitu.

Tuchukue mfano wa mlinzi mwenye mshahara wa msingi wa dirhamu 3,000. Gawanya kwa 30, siku moja ni dirhamu 100, hivyo mwaka wa siku 21 ni dirhamu 2,100. Akitumikia miaka minane, mitano ya kwanza inampa 10,500 na mitatu ya mwisho 9,000. Jumla ni dirhamu 19,500.

Ila sheria ile ilimwadhibu aliyeacha kazi mwenyewe. Katika mkataba usio na ukomo, aliyejiuzulu kabla ya kutimiza miaka mitatu alipata theluthi moja tu, na aliyefikisha kati ya mitatu na mitano alipata theluthi mbili. Mlinzi wetu angeondoka baada ya miaka minne, dirhamu zake 8,400 zingeshuka hadi 5,600. Wengi walivumilia kazi mbaya kwa kuogopa kupoteza fedha hizo.

Makato hayo yalifutwa na sheria mpya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Anayejiuzulu sasa hupata sawa na anayeachishwa, na mwajiri anatakiwa kumlipa ndani ya siku 14. Viwango vya siku 21 na 30 havikuguswa.

Tatizo lingine ni kwamba fedha hizi hukaa kwa mwajiri hadi siku ya mwisho, naye akifilisika mfanyakazi yuko hatarini. Kwa sababu hiyo, tangu Februari 2020, waajiri katika Kituo cha Kimataifa cha Fedha cha Dubai huchangia kila mwezi kwenye mfuko asilimia 5.83 ya mshahara wa msingi, kisha asilimia 8.33 baada ya miaka mitano. Ni siku zile zile 21 na 30, zikigawanywa kwa miezi 12.

Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao, hivyo hesabu hii haiwahusu.

Unayekwenda kusaini mkataba, usidanganyike na jumla ya malipo. Dirhamu 5,000 ambazo 2,000 kati yake ni posho ya nyumba na usafiri zitahesabiwa kama 3,000. Dai mshahara wa msingi uwe mkubwa kabla hujasaini, kwa maana ndio utakaorudi nao nyumbani.