Gharama ya Fursa

Istilahi hii ya wachumi, gharama ya fursa, maana yake ni ile faida anayoiacha mtu kwa kuitumia mali yake katika jambo moja badala ya jingine. Na ingawa haiandikwi katika stakabadhi yoyote, ni sehemu ya bei kama zilivyo shilingi zinazohesabiwa mkononi.

Natuchukue mkazi wa Pumwani mwenye akiba ya shilingi 180,000 benki, naye ataka pikipiki ya kazi yenye thamani iyo hiyo. Akiba yake humpa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo, ikishakatwa kodi ya asilimia 15, hubaki asilimia 6.8, yaani shilingi 12,240. Mkopeshaji naye amwambia: usiiguse akiba yako, chukua mkopo wa mwaka mmoja kwa asilimia 12, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, nawe utalipa takriban shilingi 15,993 kila mwezi. Riba yote ya mkopo huo haifiki shilingi 12,000. Kwa hiyo yaonekana kwamba mkopaji hapati hasara, bali amezidishiwa shilingi mia tatu na kitu.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa tarakimu zake, lakini imeacha jambo kubwa. Riba ya mkopo ni ndogo kwa sababu deni hupungua kila mwezi, nalo hupungua kwa fedha zitokazo katika kipato cha mkopaji, ilhali akiba hukaa nzima mwaka mzima. Zile 15,993 nazo zina fursa yake! Falau mtu huyo angalinunua kwa fedha taslimu, kisha akaweka akiba kiasi hicho hicho kila mwisho wa mwezi, mwisho wa mwaka angalikuwa na shilingi 197,900 hivi, riba ya karibu 6,000 ikiwamo. Na mkopaji, pikipiki akiwa nayo vilevile, ana 192,240. Tofauti ya shilingi 5,600 na zaidi ndiyo gharama halisi ya mkopo, kabla ya ada na bima. Mwenye haraka na atazame viwango vyenyewe: asilimia 12 haiwezi kulipwa na 6.8.

Lakini ulinganisho huu una sharti zito, kwamba mnunuzi wa taslimu aweke kweli fedha zile kila mwezi. Akizila, mwisho wa mwaka hana akiba wala deni, na maradhi yakibisha hodi atakopa kwa masharti mabaya zaidi. Kwa sababu hiyo mimi naona ni halali kununua usalama kwa shilingi elfu tano, maadamu mtu ajua kwamba anaununua. Ama amana za chama cha akiba na mikopo, ambazo aghalabu mwanachama hazitoi ila akijitoa chamani, hizo haziingii katika mizani hii, kwani kwake fursa ya kulipa taslimu haipo.