Mkate wa Jana Ulivyofika Kikaangoni

Mapishi ya Kirumi yaliyokusanywa kwa jina la Apicius yanaeleza kitafunio kimoja kwa maneno machache mno. Mkate mweupe ulioondolewa ganda humegwa vipande vikubwa, hutoswa kwenye maziwa, hukaangwa kwa mafuta, kisha humiminiwa asali. Mayai hayatajwi, wala haisemwi kwamba mkate uwe wa jana. Hayo yalikuwa mapishi ya wenye nazo, na tajiri wa Rumi hakuwa na haja ya kuhesabu masalio.

Mwaka 1660 Mwingereza Robert May naye aliandika juu ya “tosti za Kifaransa”, lakini zake zilichomwa na kuloweshwa kwa mvinyo, sukari na maji ya chungwa. Ilipofika 1747, Hannah Glasse alichapisha kitabu chake chenye pudini za mkate, zinazoshikamana kwa mayai na maziwa.

Kwa nini mkate uliolala unafaa zaidi kuliko wa leo? Wengi walidhani unakauka tu. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba hata mkate uliofungiwa usipoteze maji hugeuka mgumu, na kwamba ukipashwa moto hadi nyuzijoto 60 hivi hulainika tena. Kinachobadilika ni wanga: ulivimba kwa maji ndani ya oveni, na unapopoa hujipanga upya na kukakamaa. Baridi ya friji huharakisha jambo hilo, ndiyo maana mkate unaotunzwa humo huwa mgumu mapema kuliko ulioachwa kabatini.

Ugumu huo ndio mtaji wa mpishi. Slesi laini ikitoswa kwenye maziwa hujikunja na kugeuka uji, lakini ile iliyokakamaa hunywa bila kuporomoka. Kwa tosti za kukaanga za slesi 6, mayai 3 na robo tatu ya kikombe cha maziwa vinatosha. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali, nje hupata rangi nzuri huku katikati yai likiwa bichi, na ukikata tu unaliona linachuruzika.

Pudini inataka subira zaidi. Gramu 250 za mkate hulowekwa nusu saa kwenye nusu lita ya maziwa yaliyopigwa pamoja na mayai 3 na sukari. Mpishi wa Zanzibar mwenye boflo la jana ataongeza hiliki, na hapo pudini hupata ladha ya nyumbani. Bakuli huwekwa ndani ya sinia la maji ya moto, katika oveni ya nyuzijoto 160. Huepuliwa pembeni ikiwa imeshika na katikati bado inatikisika kidogo. Ikizidi kuiva, mayai hujikata na maji hujitenga chini ya bakuli.

Mkate ulioota ukungu hauingii katika hesabu hii. Kukwangua doa la kijani hakusaidii, kwani nyuzi za ukungu hupenya ndani ya nyama ya mkate mahali jicho lisipofika.